Karatasi ya kumbukumbu inaonyesha mayai yanashuka, chakula kinapanda, vifo karibu hakuna. Kuku wangu wanakula nini?

#1 Kitonga wa Kivule
Wakuu salaam. Nina kuku wa mayai 300, wa kahawia, niliwachukua wakiwa na wiki 16 mwanzoni mwa Agosti. Banda liko nyuma ya nyumba hapa Kivule. Kijana wa banda anajaza karatasi kila siku: idadi ya kuku, waliokufa, mayai, chakula. Mimi naondoka saa 11 alfajiri kwenda kazini Posta, narudi usiku, kwa hiyo karatasi ndiyo macho yangu.

Januari kwa wastani nilikuwa naokota mayai 246 kwa siku, chakula kilo 35. Wiki ya kwanza ya mwezi huu, Machi, mayai yameshuka hadi 195 na chakula kimepanda hadi kilo 38. Waliokufa tangu Agosti ni 11 tu. Kuku hawajaumwa, hawakohoi, kinyesi ni cha kawaida.

Kuku anayekula zaidi na kutaga pungufu ni kuku gani huyo? Nipeni mwongozo kabla sijawauza wote.

#2 Kauzu
Hao sio kuku mkuu, hao ni wapangaji.

#3 Mganga wa Mitetea
Minyoo hiyo, moja kwa moja. Kuku wa kwenye maranda wakikaa miezi mitano bila dawa wanakula, chakula kinaenda kwa minyoo. Wape dawa ya minyoo kwenye maji, baada ya wiki mbili utarudi hapa kunishukuru. Pia usisahau joto la Machi, kuku wakipata joto wanakula sana.

#4 Mama Trei
Mganga, hapo kwenye joto umechapia. Kuku akipata joto anapunguza kula na kuongeza kunywa. Sisi wa Kitunda tunalijua hilo kila Januari hadi Machi, mchana wanaachama midomo na vilishio vinabaki vimejaa. Ndiyo maana namba za Kitonga zinanishtua. Huu ndio msimu ambao chakula kinatakiwa kishuke.

Halafu hiyo dawa ya minyoo, kasome kibandiko kwanza. Nyingine mayai hayauzwi kwa siku kadhaa baada ya kutoa. Usimwambie mtu anyweshe tu kuku wa mayai.

#5 Chamazi Broila
Kilo 38 kwa kuku 300 mbona ni kidogo sana? Wangu wiki ya tano wanapita hapo kwa mbali. Uwiano wangu wa chakula kwa nyama mara ya mwisho ulikuwa 1.8. Ukitaka uwiano mzuri uza mapema, usiwaache wazidi siku 35.

#6 Mama Trei
Chamazi, mwenzio anaongelea mayai, sio nyama. Hawa hawauzwi siku ya 35, hawa wanakaa mwaka na zaidi.

#7 Bwana Mizani
Kitonga, swali moja kabla sijasema chochote. Kwenye hiyo karatasi, safu ya "idadi ya kuku" leo imeandikwa ngapi?

#8 Kitonga wa Kivule
300.

#9 Bwana Mizani
Na tarehe 1 Januari?

#10 Kitonga wa Kivule
300. Karatasi nilizichapa steshenari zikiwa na 300 tayari, ili kijana asihangaike.

#11 Kauzu
Kwa hiyo wale 11 walifufuka siku ya tatu.

#12 Bwana Mizani
Tusicheke sana, karatasi za namna hiyo ziko nyingi mjini hapa. Nimefanya kazi ya kuzunguka kwenye mabanda miaka mingi na safu hiyo ndiyo huwa naitazama kwanza, kwa sababu karibu kila hesabu nyingine inagawanywa kwayo.

Kwa namba zako, 195 kwa 300 ni utagaji wa asilimia 65, na chakula ni gramu 127 kwa kuku. Mtetea wa kahawia anayetaga anakula kama gramu 110 hadi 120, kwa hiyo umezidi kidogo na mtu anaweza kusema "wanapoteza kidogo, basi". Ila hatujui kama wako 300.

Nenda kawahesabu. Sio mchana, utachanganyikiwa. Nenda usiku wakiwa wamelala, zima taa, tumia tochi hafifu, gawa banda kwa ubao au wavu, muwahamishe mmoja mmoja kutoka upande huu kwenda ule. Hesabuni wawili, kila mmoja kwa kimya, halafu mlinganishe.

Kingine. Uwiano wa chakula kwa mayai hauhitaji idadi ya kuku kabisa. Unachukua kilo za chakula unagawa kwa kilo za mayai. Ukikadiria yai gramu 58, Januari ulikuwa 2.45. Sasa uko 3.36. Hiyo haitokani na 300 wala na hesabu ya kuku. Kuna kitu kimebadilika kweli.

#13 Mganga wa Mitetea
3 na kitu kwa mfugaji mdogo ni kawaida, tusimtishe.

#14 Bwana Mizani
Ni kawaida kwa maana ya kwamba wapo wengi. Waliokomaa kwenye kazi hii wanacheza 2.2 hadi 2.5. Tena mtu huyu huyu, kuku hao hao, Januari alikuwa na 2.45. Namlinganisha na yeye mwenyewe.

Kama uwiano unakuchanganya, tumia kilo za chakula kwa trei moja. Januari trei ilikula kilo 4.3. Sasa trei inakula kilo 5.9 kasoro. Zidisha kwa bei unayonunulia kilo.

#15 Kitonga wa Kivule
Kilo inanifikia kama 1,200. Kwa hiyo trei ni shilingi 7,000 ya chakula peke yake, na mimi nauza 8,500 dukani kwa Mangi. Bado maranda, umeme, chanjo na mshahara wa kijana. Daah.

#16 Mpwa wa Goba
Mkuu, achana na karatasi za steshenari. Weka kwenye Excel au hata Google Sheets kwenye simu. A tarehe, B kuku hai asubuhi, C waliokufa, D walioondolewa (waliouzwa, waliochinjwa, waliotolewa zawadi), E mayai, F chakula kilo, G uzito wa yai kwa gramu. Safu ya B inajishusha yenyewe, hakuna mtu wa kuandika 300 milele:

```
B3: =B2-C2-D2
H2: =E2/B2*100
I2: =F2*1000/B2
J2: =F2*1000/(E2*G2)
```

H ni asilimia ya utagaji, I ni gramu kwa kuku, J ni uwiano. Buruta chini.

#17 Bwana Mizani
Nzuri sana hiyo, hasa kutenganisha C na D. Ila I na J usizisome kwa siku moja moja. Chakula cha kwenye vilishio leo kinaliwa kesho. Soma kwa wiki: chakula kilichokuwepo stoo Jumatatu asubuhi, jumlisha kilichonunuliwa, toa kilichobaki Jumatatu inayofuata. Hicho ndicho kilichotoka stoo. Sijasema kilicholiwa.

#18 Kitonga wa Kivule
Wakuu nimerudi. Jana usiku tumehesabu mimi na shemeji. Wako 271.

Waliokufa kwenye karatasi 11. Yaani kuku 18 hawapo kwenye maandishi yoyote. Mke wangu amekumbuka kuwa sita walitoka kipindi cha Krismasi, wawili tulichinja, wanne walienda kwa ndugu Mbagala. Bado 12.

#19 Kauzu
Ndugu wa Mbagala wanaomba idadi iongezwe.

#20 Bwana Mizani
Sasa angalieni maajabu. Rudia hesabu ya wiki ile kwa kuku 271.

Mayai 195 kwa 271 ni asilimia 72. Utagaji umepanda wenyewe, hakuna yai lililoongezeka. Mfugaji anaweza kupumua. Lakini kilo 38 kwa 271 ni gramu 140 kwa kuku, kwenye joto la Machi la Dar es Salaam. Mtetea wa kahawia hali gramu 140 kwenye joto hili. Hesabu sahihi ya kuku imefanya mayai yaonekane afadhali na chakula kionekane kibaya zaidi.

Kuku 271 wakila gramu 118 ni kilo 32. Wewe unatoa 38 stoo. Kila siku kilo 6 zinaondoka bila kupita kwenye koo la kuku.

#21 Shangazi wa Pugu
Kijana huyo. Msijizungushe. Kilo 6 kwa siku ni debe zima baada ya siku mbili, majirani wenye kuku wa kienyeji wananunua bila kuuliza. Mimi nilikuwa na mmoja, alikuwa anatoka na ndoo ya "maranda machafu" kila jioni, chini ya maranda kuna chakula. Na kuku 12 nao hawakuruka ukuta.

#22 Panya Road Mstaafu
Au panya. Kivule panya buku wapo, nawajua kwa majina.

#23 Bwana Mizani
Panya mmoja anakula gramu 20 hadi 25 kwa siku. Kwa kilo 6 Kitonga angekuwa na panya kama 250 wanaokula na kushiba. Angewaona hata akirudi usiku. Panya wanachangia, na wanachojisaidia juu yake kinaharibika zaidi ya wanachokula, ila sio kilo 6 peke yao.

Shangazi, na kijana pia sio wa kwanza kushikwa shati. Kuna vitu viwili vya kupima kabla. Kwanza, chakula unakiandikaje, kwa mizani au kwa magunia?

#24 Kitonga wa Kivule
Kwa magunia. Gunia likiisha anaandika 50.

#25 Bwana Mizani
Basi kanunue au kaazime mizani ya kuning'iniza, pima magunia matano yaliyopo stoo kabla hayajafunguliwa. Pili, tandaza turubai au magunia yaliyochanwa chini ya vilishio vyote jioni, jioni ya kesho yake kusanya kilichomwagika, chekecha kutoa kinyesi na manyoya, pima. Na utuambie vilishio vinajazwa kiasi gani na viko usawa gani.

#26 Dogo wa Banda
Habari zenu wakubwa. Mimi nimekuwa kijana wa banda Bunju miaka mitatu, naomba niseme upande wa pili maana nyie wote humu ni mabosi.

Bosi wangu wa kwanza alisema kuku akifa kizembe anakata 10,000 kwenye mshahara. Nani anaamua kizembe ni nini? Yeye. Kwa hiyo kuku akifa usiku, asubuhi unachimba shimo, karatasi inabaki safi. Bosi akija anafurahi vifo ni sifuri. Mayai pia ni hivyo hivyo. Ukiandika 170 unapigiwa simu mchana unaulizwa kwa nini, ukiandika 190 hakuna simu. Mtu anajifunza namba inayompendeza tajiri.

Mleta mada, wewe ulimwambia nini kuhusu vifo?

#27 Kitonga wa Kivule
Nilimwambia akizembea nitakata. Sasa ningefanyaje, niache kuku wafe tu?

#28 Mama Trei
Wasife, lakini mzoga uuone wewe. Kwangu kuku akifa anawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na banda, mpaka nimuone nimuandike mimi mwenyewe, halafu anafukiwa au kuchomwa siku hiyo hiyo. Wakifa wawili watatu kwa siku moja nampeleka mmoja Temeke kwenye maabara ya veterinari wampasue, kabla hajaoza. Hakuna kukata mshahara. Tangu niache kukata, safu ya vifo imeanza kusema kitu. Inakera kuisoma lakini inasema.

Kitonga, kwa hiyo vifo vyako vinaweza kuwa 11 au 23. 11 kwa 300 ni chini ya asilimia 4, ungepita kifua mbele. 23 ni karibu asilimia 8 kwa miezi saba, hapo ungekuwa umeshaanza kuuliza wanakufa na nini.

#29 Chamazi Broila
Na kwa broila vifo vinaingiaje kwenye uwiano? Maana mimi nagawa chakula chote kwa kilo nilizouza.

#30 Bwana Mizani
Chamazi, uko sawa kwa upande wa mfuko. Aliyekufa siku ya 30 alishakula sehemu kubwa ya chakula na hakuuzwa, kwa hiyo uwiano wako unaumia sana. Aliyekufa siku ya 3 hakukula kitu, hausikii. Ndiyo maana kwa broila tarehe ya kifo ina maana kama idadi. Ukitaka kujua kuku wenyewe wanabadilisha chakula vizuri kiasi gani, pima na mizoga uongeze uzito wake kwenye kugawia. Fungua uzi wako tutakuja.

#31 Kitonga wa Kivule
Majibu ya vipimo wakuu.

Magunia matano yamenipa wastani wa kilo 47. Limoja lilikuwa 45 na nusu. Kibandiko 50.

Turubai: kilo 2 na gramu kidogo kwa usiku na mchana mmoja, baada ya kuchekecha. Vilishio kijana anajaza mpaka mdomoni asubuhi ili asirudie, na viko chini, kuku wanaingiza kichwa wanatifua.

#32 Mpwa wa Goba
Nimeingiza. Kilo 38 za kwenye karatasi kwa gunia la 47 ni kilo 35.7 halisi. Kwa kuku 271 ni gramu 132. Ukitoa kilo 2 za turubai inabaki gramu 124. Zile kilo 6 za "wizi" zimeyeyuka karibu zote bila mtu kuiba.

#33 Shangazi wa Pugu
Karibu zote sio zote. Na muuza chakula anayeuza 47 kwa bei ya 50, huyo tumwiteje?

#34 Bwana Mizani
Huyo usimtaje hapa, mrudishie magunia na mizani mkononi. Akibisha, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Lakini Shangazi ana hoja, gramu 124 kwenye joto hili bado ni nyingi kidogo.

Vilishio jaza theluthi moja, mara mbili hadi tatu kwa siku, na mdomo wa kilishio uwe usawa wa mgongo wa kuku. Hilo peke yake litarudisha sehemu kubwa ya kilo 2.

Tunabaki na kitendawili cha mayai. Magunia na turubai vinaeleza chakula, havielezi kwa nini yai limeshuka kutoka 246 hadi 195. Kitonga, ulibadilisha chakula lini?

#35 Kitonga wa Kivule
Mwishoni mwa Januari. Aliyekuwa ananiuzia alipandisha bei, nikahamia kwingine kwa nafuu ya 4,000 kwa gunia.

#36 Mama Trei
Hapo ndipo penyewe. Pumba. Chakula kikijazwa pumba za mahindi nyingi na soya au dagaa kupunguzwa, nguvu yake inashuka, kuku anakula zaidi kutafuta anachokikosa na bado hakitoshi yai. Hizo gramu 124 zinaniambia hivyo. Weka kiganjani, puliza, tazama kinachoruka. Na pima mayai. Kuku wa wiki 48 anatakiwa awe ameshafika yai la gramu 60 na zaidi.

#37 Mganga wa Mitetea
Au mafua ya kuku yaliyopita kimya kimya. Kuna yale yanayoharibu mirija ya mayai, kuku anapona lakini utagaji haurudi. Angalia kama kuna maganda laini au yenye mikunjo.

#38 Bwana Mizani
Mganga leo umegusa. Bronkaitisi ya kuku inaweza kufanya hivyo hivyo, na karatasi haina safu ya maganda mabovu. Iongezwe.

#39 Taa ya Ukonga
Mbona hakuna aliyeuliza taa? Dar mchana ni kama saa 12 tu mwaka mzima, mtetea anataka kama 15 au 16. Taa ikiungua au umeme ukikatika wiki nzima, mayai yanashuka hivyo hivyo bila ugonjwa.

#40 Kitonga wa Kivule
Taa ipo, inawashwa saa 12 jioni mpaka saa 3 na nusu. Umeme ulikatika siku chache Februari, sikumbuki ngapi, haikuandikwa.

Nimepima trei tatu leo, nikatoa uzito wa trei tupu. Yai linakuja gramu 54. Maganda mabovu machache sana.

#41 Mpwa wa Goba
Kwa gramu 54 na chakula halisi, uwiano ni 3.39. Kila tunachosahihisha kinarudi pale pale.

#42 Mama Trei
Gramu 54. Nimesema. Chakula dhaifu kinatoa yai dogo na pungufu kwa pamoja. Mwizi hapunguzi uzito wa yai.

#43 Shangazi wa Pugu
Mwizi anapunguza! Mtu akiiba mayai anachukua makubwa, ndiyo yenye bei. Yanayobaki lazima yawe madogo. Kitonga, weka hapa mayai ya kila siku ya wiki ile, sio wastani. Wastani unaficha.

#44 Kitonga wa Kivule
Jumatatu 191, Jumanne 190, Jumatano 192, Alhamisi 190, Ijumaa 191, Jumamosi 203, Jumapili 208.

#45 Kauzu
Kuku wako ni Wasabato au wanasali Jumapili? Mbona wanafurahia wikiendi?

#46 Shangazi wa Pugu
Wikiendi uko nyumbani. Sina la kuongeza.

#47 Bwana Mizani
Hii ni safi, na ilikuwa kwenye karatasi muda wote. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza ni tofauti, kama mayai 15 kwa siku, nusu trei. La pili, kwangu ni zito zaidi: siku tano mfululizo 190, 191, 192. Kuku 271 hawatagi kwa mstari ulionyooka hivyo. Siku hupanda kwa mayai kumi, siku hushuka kwa kumi. Namba tulivu namna hiyo mara nyingi imeandikwa, haijahesabiwa.

Lakini hata hiyo sio ushahidi wa wizi, Shangazi. Kitonga, wikiendi mnaokota mara ngapi?

#48 Kitonga wa Kivule
Wikiendi watoto wapo, wanaokota hata mara nne tano. Siku za kazi kijana anaokota asubuhi na jioni.

#49 Dogo wa Banda
Basi ndiyo hiyo. Yai likikaa kwenye kiota kuanzia asubuhi mpaka jioni linakanyagwa, likipasuka kuku wanaonja, wakishaonja wameshazoea. Mayai 15 kwa kuku karibu 300 wanaweza kuyala wenyewe na ganda wakamaliza. Na kenge je? Kivule si kuna mto hapo.

#50 Shangazi wa Pugu
Kenge anayekula Jumatatu hadi Ijumaa tu, wikiendi anapumzika. Sawa.

#51 Mama Trei
Shangazi unapenda kesi. Hata ukimfukuza kijana leo, ukirudisha 15 zote kila siku ya kazi, Kitonga anapata 206. Januari alikuwa na 246. Mayai 40 yanayobaki ni ya nani?

#52 Bwana Mizani
Hapo Mama Trei kafunga goli. Namba za wikiendi ambazo familia imehesabu yenyewe ni asilimia 76 kwa 271. Kwa umri huu nilitegemea 80 na zaidi. Kwa hiyo kuna upungufu ambao ni wa kuku wenyewe, na kuna upungufu wa Jumatatu hadi Ijumaa, na ni vitu viwili tofauti.

Ningefanya hivi, kimoja kimoja ili ujue kipi kimefanya kazi. Wiki hii badilisha uokotaji tu: mara nne, mtoto au jirani mmoja ahesabu ile ya jioni bila taarifa. Usiguse chakula. Wiki inayofuata rekebisha vilishio. Chakula badilisha mwisho, tena kwa kuchanganya siku tano hadi saba, na sampuli ya hiki cha sasa ifunge kwenye mfuko mkavu uipeleke Temeke wapime protini na madini. Ukibadilisha vyote kesho, mayai yakipanda utabaki unabishana na mkeo ni kipi.

#53 Mama Trei
Sikubaliani na kuacha chakula mpaka mwisho. Wiki tatu za chakula kibovu kuku anachoka mwili, kumrudisha ni kazi, na hasara ya chakula kwa kila trei inaendelea kila siku. Abadilishe chakula leo, sayansi itafuata.

#54 Mganga wa Mitetea
Na minyoo?

#55 Bwana Mizani
Mganga, wa kufa anayefuata apasuliwe, utumbo utatuambia. Kama ipo nitakuja hapa kukushukuru kama ulivyoahidi.

Mama Trei, kwa mfuko wake uko sahihi, kwa kujua chanzo sikubaliani. Aamue mwenye kuku.

#56 Kitonga wa Kivule
Nimeanza na uokotaji tangu juzi, binti anahesabu jioni. Jana 201, leo 187. Kijana leo ameniandikia kuku mmoja amekufa, ndoo nimeikuta na mfuniko. Sijamwambia habari ya kukata mshahara, nimeifuta. Magunia mawili ya yule wa zamani nimeagiza, sijayafungua bado, nasikiliza mnavyobishana.

#57 Shangazi wa Pugu
187 na binti amehesabu mwenyewe? Hmm.

#58 Mpwa wa Goba
Angalau namba zimeanza kuruka. Kitonga, nimekuwekea safu ya K ya maganda mabovu na L ya saa umeme ulipokatika. Nitumie barua pepe yako kwenye ujumbe wa siri.

#59 Chamazi Broila
Na mimi nitumie hiyo ya broila, ila iwe na safu ya uzito wa mizoga.